Sera ya matumizi ya kompyuta shuleni: anza na flashi ya stesheneri, achana na zile kurasa 14

"Kaka habari za kazi. Mi ni mwalimu wa TEHAMA sekondari ya binafsi, tuko wafanyakazi 26 pamoja na mhasibu na katibu muhtasi. Mkurugenzi kaniambia niandike sera ya matumizi ya kompyuta na intaneti. Nilipakua moja ya kizungu kurasa 14 nikabadilisha jina la shule, wote wakasaini siku hiyohiyo lakini hakuna kilichobadilika. Naandikaje kitu ambacho walimu na wa ofisini watakielewa na kukifuata?"

Salama mwalimu. Hiyo ya kurasa 14 iweke pembeni kabisa na wala usiitafsiri, maana ukiitafsiri utapata kitu kama "mtumiaji atawajibika kuhakikisha rasilimali za TEHAMA zinatumika ipasavyo", na sentensi kama hiyo hata mimi ambaye kazi yangu ni hii siwezi kukwambia kama leo nimeivunja au sijaivunja. Walimu wako walisaini kwa sababu hamna kitu ndani yake kilichowagusa, hakuna mtu aliyejiona mle.

Mi huwa naanza hivi. Wiki nzima siandiki chochote, nazunguka na daftari nawauliza watu wanavyofanya kazi zao. Nenda kwa katibu muhtasi, kwa mhasibu, kwa mwalimu wa taaluma, na walimu watatu wanne wa kawaida, uwaulize swali moja tu: mara ya mwisho kompyuta au intaneti ilipokukwamisha ulifanyaje? Usiwaulize wanavunja sheria gani, hawatakwambia. Ukiuliza walikwamuka vipi wanakwambia kila kitu, na hapo ndo sera yako ilipo. Kwa shule ya watu 26 utarudi na mambo matano sita hivi, na hayo ndo ya kuandika. Yale mengine ya kwenye kurasa 14, sijui usidukue seva, hamna seva hapo, achana nayo.

Nikupe moja nililolishughulikia mwenyewe, shule siitaji. Mwalimu wa baiolojia kamaliza kutunga mtihani wa mwisho wa muhula alhamisi jioni, printa ya shule wino umeisha, kesho yake asubuhi mtihani unatakiwa uwe umeshapangwa. Kachukua flashi kaenda stesheneri ya barabarani. Kijana wa pale akalinakili faili kwenye desktopu ya mashine yake kwa sababu kuchapa moja kwa moja toka kwenye flashi inasumbua, akachapa nakala, mwalimu akalipa akaondoka. Faili limebaki pale desktopu na jina lake kamili, kidato na somo. Wanafunzi wa kutwa wanapita hapohapo jioni kutoa fotokopi za notsi. Umeelewa kilichofuata. Halafu ile flashi ikarudi shuleni na virusi, ikachomekwa kwenye kompyuta ya katibu, jumatatu kila flashi iliyopita pale ilikuwa folda zake zote zimegeuka shortikati.

Sasa ile shule ilikuwa na sera! Ilikuwa imeandikwa "hairuhusiwi kutumia flashi zisizoidhinishwa". Itazame hiyo sentensi vizuri. Nani anaidhinisha? Haisemi. Flashi iliyoidhinishwa inafananaje? Haisemi. Na kubwa kuliko yote, mwalimu mwenye mtihani mkononi saa 11 jioni na printa haina wino afanye nini? Haisemi. Basi yule mwalimu hakuwa mkorofi, alikuwa anaikoa kazi ya shule kwa njia pekee aliyoiona.

Tukaiandika upya hivi: "Usipeleke mtihani stesheneri, kwa flashi wala kwa WhatsApp wala kwa imeili. Printa ya shule ikigoma au wino ukiisha, mpigie mwalimu wa taaluma siku hiyohiyo. Yeye ndiye anayetafuta pa kuchapa, siyo wewe." Sentensi tatu fupi. Ya kwanza inasema usifanye nini, ya pili inasema ufanye nini badala yake, ya tatu inamwondolea mwalimu mzigo. Ukiniuliza siri yote ya sera inayofuatwa ni ipi, ni hiyo ya pili. Kila katazo lazima liwe na njia ya kupitia, la sivyo watu watapita palepale ulipokataza kwa sababu kazi haiwezi kusimama.

Na hapo unagundua kitu ambacho wakurugenzi wengi hawakitegemei, kwamba sera ina gharama. Ile sentensi ya pili haifanyi kazi kama mwalimu wa taaluma naye hana pa kuchapa. Kwahiyo kabla sijaiandika nilikwenda kwa mkurugenzi nikamwambia bosi, hii ili ifuatwe tunahitaji wino mmoja wa akiba unaokaa kwenye kabati la taaluma muda wote, ukitumika unanunuliwa mwingine wiki hiyohiyo. Alikubali. Angekataa ningebadilisha sentensi, nisingeiacha ikae pale kama pambo. Ningeandika: ukilazimika kuchapa nje, nenda na laptopu ya shule badala ya flashi, ichomeke mwenyewe kwenye printa yao, faili lisiingie kwenye mashine yao. Hiyo ni dhaifu kidogo maana kuna stesheneri zitakukatalia na utahitaji programu ya hiyo printa kwenye laptopu, ila ni afadhali kuliko kumwambia mwalimu afute faili pale, kwa sababu hata akifuta kwa Shift + Delete mwenye ujuzi anaweza kulirudisha.

Kuhusu vile virusi vya shortikati, kwenye sera weka mstari mmoja tu: "Ukifungua flashi ukaona folda zina mshale mdogo pembeni, usibonyeze chochote, ichomoe uniletee." Basi. Namna ya kutibu ni kazi yako, usimbebeshe katibu. Mafaili mara nyingi huwa hayajapotea, yamefichwa tu, na kinachoonekana ni kishortikati cha KB 1 au 2 ambacho ukikibonyeza ndo unawasha virusi. Wewe skani kwanza kwa antivairasi, kisha utayaonyesha tena kwa amri hii (E ni herufi ya flashi, iangalie kwako inaweza kuwa F au G):

```
attrib -h -r -s /s /d E:\*.*
```

Ila hiyo amri haiui virusi, inafichua mafaili tu. Ukiifanya bila kuskani yatajificha tena.

Sasa lugha yenyewe. Andika kwa "wewe" na "usi", kama unavyoongea na mtu. Kiswahili chetu cha maofisini kinapenda sana "inatakiwa", "hairuhusiwi", "izingatiwe", na tatizo la hayo maneno ni kwamba mtendaji hayumo, kila mtu anaamini anaambiwa mwingine. Halafu pitia rasimu yako utafute maneno haya: ipasavyo, kwa busara, yasiyofaa, kuhakikisha, kuzingatia, matumizi mabaya. Kila utakapolikuta moja jiulize, je watu wawili wanaweza kubishana kama hili limevunjwa? Kama ndio, hujamaliza kuandika. "Usitumie intaneti ya shule vibaya" watabishana mpaka kesho. "Usipakue muvi wala mechi kwa waifai ya shule, bando likiisha matokeo hayawezi kupakiwa" hakuna ubishi, na ameambiwa na sababu. Sababu iweke pale inapokuwa fupi, mtu mzima akijua kwanini hashindani na wewe.

Hili la kueleweka siyo la urembo tu. Kwa Tanzania kuna Kanuni za Utendaji Bora za Ajira, tangazo la serikali namba 42 la 2007, kanuni ya 12. Mfanyakazi akifukuzwa kwa kosa na akaenda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, moja ya mambo yanayoangaliwa ni kama kanuni aliyoivunja ilikuwa ya haki, ilikuwa wazi isiyo na utata, kama aliijua au alitegemewa kuijua, na kama shule imekuwa ikiitumia kwa wote sawasawa. Sasa chukua ile "rasilimali zitumike ipasavyo" kwa kizungu, iliyosainiwa na mpishi siku ya kikao bila kusomwa, uipeleke mbele ya mwamuzi wa CMA. Shule inaweza kuwa na haki kabisa na bado ikashindwa. Na hilo la kuitumia kwa wote sawasawa linakugusa wewe mwandishi moja kwa moja: usiandike katazo ambalo unajua kila mtu atalivunja. Mfano "usitumie kompyuta ya shule kwa jambo lolote binafsi". Mkuu wa shule mwenyewe ataangalia salio la benki kesho asubuhi. Siku mkimbana mmoja kwa hilo atasema mbona wote, na atakuwa anasema kweli. Andika tu kwamba wakati wa mapumziko na baada ya vipindi unaweza kufanya mambo yako madogo kama kusoma habari, benki, imeili, alafu useme yale machache yasiyoruhusiwa kabisa: kubeti, picha za ngono, na kuinstoli programu bila kukuona wewe.

Tuje kwenye paswedi. Kila sera inasema usimpe mtu paswedi yako na kila ofisi watu wanapeana. Kwanini? Kwa sababu mhasibu anaumwa, mzazi yuko dirishani anataka risiti ya ada, na risiti zinatoka kwenye kompyuta ya mhasibu. Ungekuwa katibu ungefanyaje? Ungempigia mhasibu akutajie paswedi. Kwahiyo dawa siyo kuandika katazo kwa herufi kubwa, dawa ni katibu awe na akaunti yake kwenye mashine ileile na kwenye programu ya ada, yenye uwezo wa kutoa risiti tu bila kufuta wala kurekebisha malipo. Programu nyingi za ada zinaruhusu hivyo, watu hawafungui tu. Ile paswedi kuu iandikwe kwenye karatasi, bahasha ifungwe isainiwe mgongoni, ikae kwenye sefu ya mkuu wa shule. Ikifunguliwa inajulikana, na paswedi inabadilishwa siku hiyo. Ukishafanya hivyo ndo unaandika "usimpe mtu paswedi yako, hata mimi, hata mkuu" na watu wanaweza kuifuata kweli.

Na usiweke ile ya kubadilisha paswedi kila miezi mitatu. Najua iko kwenye hiyo ya kurasa 14. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, tangu mwongozo wake wa 2017 inasema watu wasilazimishwe kubadilisha kwa ratiba, wabadilishe pale kunapokuwa na dalili kwamba imevuja. Ukiwalazimisha utapata Shule2024, Shule2025, na karatasi ya njano imebandikwa kwenye skrini. Waambie maneno manne yasiyohusiana waliyoyachagua wenyewe, wayakumbuke, basi. Na ukiinuka mezani bonyeza Windows + L, mfundishe kila mtu kwa mkono wake, siyo kwa maandishi.

Jambo ambalo ningelipa nafasi kubwa kuliko unavyodhani ni picha na matokeo ya wanafunzi kwenye magrupu ya WhatsApp. Hapa shule nyingi zina deni bila kujua. Mwalimu wa darasa anapiga picha karatasi ya matokeo ya darasa zima, majina, maksi, nafasi, anarusha kwenye grupu la wazazi. Nia yake njema kabisa. Lakini mzazi wa mtoto wa 41 kati ya 41 amesoma, na majirani zake wamesoma, na mtoto mwenyewe kesho ataambiwa njiani. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za watoto kuwa taarifa nyeti, na taarifa nyeti zinahitaji idhini ya maandishi. Wenzetu Kenya wameshaliona kwa vitendo, Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 za kwao kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Andika hivi: "Matokeo ya mtoto mtumie mzazi wake peke yake, usiyaweke kwenye grupu. Picha yenye sura ya mwanafunzi usiiweke kwenye grupu, stetasi wala ukurasa wa shule mpaka uangalie orodha ya idhini kwa katibu." Na hapo tena njia ya kupitia lazima iwepo kwanza. Hiyo orodha iwepo kweli, ukurasa mmoja kwenye fomu ya kujiunga mzazi anaweka tiki na sahihi, ndiyo au hapana kwa picha, na anaruhusiwa kubadili mawazo baadae. Na kumtumia kila mzazi matokeo yake kwa watoto 41 siyo kazi ndogo, usijifanye huioni. Ama mnatumia SMS za jumla ambazo kila mzazi anapata ya kwake, ama mwalimu anachapa slipu na mtoto anaipeleka nyumbani kwenye bahasha. Amueni kwanza ni ipi, mtenge hela ya SMS kama ndo hiyo, kisha ndo muandike. Ukiandika kabla, mwalimu wa darasa atarudi kwenye grupu muhula wa pili tu.

Kingine, weka sentensi ya kumkinga anayekosea na kusema. Mtu akibonyeza linki ya uongo, akaweka paswedi yake pale, una dakika chache za kubadilisha hiyo paswedi kabla akaunti haijachukuliwa. Hizo dakika unazipata tu kama hajaogopa kukupigia. Mi huandika: "Ukibonyeza kitu ukahisi siyo sawa, nipigie hapohapo hata usiku. Ukisema siku hiyohiyo hutaadhibiwa kwa kubonyeza. Ukificha ndo kosa." Mpeleke mkurugenzi hiyo sentensi peke yake, mwambie asome, akubali kwa mdomo wake, kwa sababu siku mtu mmoja atakaposema ukweli halafu akafokewa kwenye kikao cha walimu, hautapigiwa simu tena na mtu yeyote.

Na mkiwa mnaangalia matumizi ya watu, semeni mnaangalia nini. Kwenye shule ndogo mara nyingi kinachoonekana kwenye ruta ni vifaa gani vimeunganishwa, vimekula bando kiasi gani, na pengine majina ya tovuti zilizofunguliwa, siyo yaliyoandikwa ndani ya meseji. Andika hivyohivyo. Usiandike "shule ina haki ya kufuatilia mawasiliano yote", unawatisha watu na jambo ambalo huna uwezo nalo wala huna haja nalo, na wakigundua kwamba hilo halikuwa kweli wataanza kutilia shaka na mistari mingine. Imeili ya shule ni tofauti, hiyo waambie wazi kwamba ni mali ya shule, mtu akiondoka inafungwa na kazi zilizomo zinabaki, kwahiyo ya kwake binafsi asiyaweke mle.

Ukimaliza rasimu itatosha karatasi moja mbele na nyuma. Ikizidi hapo umeingiza jambo ambalo halijawahi kutokea kwenu. Sasa ijaribu kabla ya kikao. Chukua katibu muhtasi, mwalimu mmoja mzee asiyependa kompyuta, na mpishi au mlinzi anayetumia waifai ya shule. Kila mmoja peke yake, mpe asome, kisha mfiche karatasi umuulize kwa mfano: printa imeisha wino na una mtihani, unafanyaje? Mzazi anataka picha za mahafali kwenye grupu, unafanyaje? Akisema "mpaka nisome tena" au akakupa jibu la tofauti, kosa siyo lake, irekebishe hiyo sentensi kwa maneno aliyotumia yeye. Mara ya mwisho nilivyofanya hivi nilikuwa nimeandika "kifaa cha kuhifadhia data" na mwalimu mmoja wa historia akaniambia yeye alijua nazungumzia kabati la mafaili. Nikaandika flashi.

Kikao cha kusaini kisiwe cha kusaini. Chukua dakika 40, pitia mistari yote mmoja mmoja na mifano ya hapohapo shuleni bila kutaja nani alifanya, waache wabishe. Wakibisha ni dalili nzuri, maana yake wamesoma. Kila mmoja apate nakala yake kwa Kiswahili, sahihi iwe na tarehe, na anayeajiriwa katikati ya mwaka apitishwe na wewe siku ya kwanza kabla hajapewa paswedi. Adhabu usizitunge upya, andika tu kwamba ukiukaji unashughulikiwa kwa taratibu za nidhamu za shule zilizopo, mwache mkuu na bodi wabaki na kazi yao.

Irudie kila Januari wiki ile ya maandalizi kabla wanafunzi hawajafungua, ukiwa na daftari lako la matukio ya mwaka mkononi. Mstari ambao umevunjwa na watu watatu tofauti, usikimbilie kuwaita wakaidi, kaa na mmoja wao akuonyeshe alikuwa anajaribu kufanya nini. Na juu kabisa ya hiyo karatasi, kabla ya kichwa cha habari, weka jina lako na namba yako ya simu kwa maandishi makubwa, maana siku ya siku mtu hatasoma kitu kingine chochote zaidi ya hicho.